Pande Zote Mbili za Methali

Ukisoma Kiswahili katika shule ya upili hapa Kenya, unakutana na methali jinsi unavyokutana na polisi wa trafiki: tayari kuna kosa linatafutwa. Karatasi ya kwanza ya KCSE ina maswali manne ya insha. La kwanza ni la lazima, halafu unachagua moja kati ya matatu yaliyobaki, na mara nyingi mojawapo ni methali. Stori tunaijua sote. Kijana anaonywa na wazazi, anapuuza, anafuata marafiki wabaya, anaishia hospitalini au rumande. Katika aya ya mwisho, machozi yakimtiririka, anakumbuka maneno ya babake: majuto ni mjukuu. Muda unaisha, karatasi zinakusanywa. Hakuna anayeuliza yule kijana aliishi vipi miaka ishirini iliyofuata.

Mimi namjua mtu aliyeishi miaka hiyo ishirini. Ni mama yangu mdogo, na yeye hakufuata marafiki wabaya. Alikuwa anashona sare za shule.

Ilikuwa Januari 2003. Serikali mpya ilikuwa imeingia mwishoni mwa Desemba na kutangaza elimu ya msingi bila malipo, na shule zilipofunguliwa, watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa darasani mwaka uliotangulia walijitokeza. Karo ilikuwa imeondolewa, lakini mtoto alihitaji nguo ya kuvaa. Mafundi cherehani wa Nairobi hawajawahi kusahau mwezi ule. Mama Mdogo alikuwa na miaka 27, na cherehani moja ya miguu katika kibanda alichokodi pamoja na fundi mwenzake karibu na Gikomba. Alipata oda ya gauni 70 za shule. Hakuwa amewahi kupata oda kama ile.

Jumanne tarehe 14, ndugu yake mdogo alipiga simu kutoka Malindi kupitia duka la jirani, maana Mama Mdogo hakuwa na simu. Alimwambia: Baba ana homa kidogo, si ya kutisha, ukipata nafasi njoo umwone. Mama Mdogo akasema sawa. Jumatatu tarehe 20, simu ikaja tena. Safari hii maneno yalikuwa machache: Baba anauliza utakuja lini. Akajibu: mwambie mwisho wa mwezi. Alhamisi tarehe 23 asubuhi, Babu akafariki. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri, kama ilivyo desturi ya Waislamu ya kutomchelewesha maiti. Mama Mdogo alipanda basi la usiku, akafika Mombasa alfajiri, akapanda matatu ya Malindi, na akafika nyumbani Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Alikuta mkeka wa matanga umetandikwa na mamake ameshaanza eda.

Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Ukiyasoma haraka unaweza kusema si makubwa. Lakini tangu mwaka huo Mama Mdogo hakushona tena sare za shule, ingawa Januari ndio mwezi wenye pesa kuliko yote kwa fundi. Simu ikilia usiku, aliipokea akiwa amesimama. Mtu yeyote katika ukoo akipata homa, yeye alisafiri, hata kama mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshapona na anamshangaa mlangoni. Sisi watoto tulidhani ni huruma tu. Kumbe alikuwa akiifanya upya ile safari aliyoikosa.

Katika miaka hiyo yote watu walimpa methali na misemo. Nimekuwa nikiyahesabu maneno hayo, kwa sababu nataka kujua kwa nini mengine yalimwongezea mzigo na mengine, baadaye sana, yakaupunguza. Nimegundua kwamba misemo hii ni kama dawa za duka la dawa. Iko mingi, kila mmoja una kazi yake, na ukimpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo, usiilaumu dawa.

Msemo wa kwanza aliupata pale pale kwenye matanga: kazi ya Mungu haina makosa. Ukienda kwenye msiba wowote Kenya, uwe wa Waislamu au wa Wakristo, utausikia kabla hujavua viatu. Ni msemo mzuri kwa mtu anayeuliza kwa nini amefiwa. Unamwambia kwamba kifo si ajali katika mpango wa dunia. Lakini Mama Mdogo hakuwa anauliza kwa nini babake amekufa. Babu alikuwa mzee na wazee hufa. Yeye alikuwa anauliza kwa nini hakuwepo. Alijibiwa swali ambalo hakuuliza, tena kwa maneno ambayo huwezi kuyapinga bila kuonekana unamkufuru Mungu. Kwa hiyo alinyamaza. Aliniambia: “Kila nikitaka kusema, nikasikia kazi ya Mungu haina makosa, nikawa najiambia, basi makosa yamebaki yangu.”

Hapo ndipo ninapoona kazi ya kwanza ya kuchagua msemo: kusikia kwanza mtu anajilaumu kwa lipi hasa. Kufiwa ni jambo moja na kujuta ni jambo lingine, hata kama yamefika katika basi moja.

Msemo wa pili ndio ule wetu wa mtihani. Shangazi mmoja aliusema kwa sauti ya chini, lakini si chini vya kutosha: majuto ni mjukuu. Mama Mdogo alikuwa chumba cha pili akaumeza mzima. Aliubeba miaka ishirini kama hukumu iliyosomwa mahakamani.

Sasa, hebu tuitazame methali hii kwa utulivu, kwa sababu nadhani tumeisoma nusu. Inasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Tunaichukulia kama onyo: fikiri kabla ya kutenda. Lakini ukiitazama picha yenyewe, mjukuu ni nani? Ni mtu ambaye hawezi kuwepo siku ya harusi ya babu yake. Lazima kwanza azaliwe mtoto, mtoto akue, naye azae. Methali yenyewe inakubali kwamba majuto yamezaliwa baada ya tendo, tena vizazi viwili baadaye. Na kama hayakuwepo siku ile, hayawezi kutoa ushahidi kuhusu siku ile. Mjukuu hawezi kusimama na kusema, “Babu, ulimwona bibi ukajua kila kitu kitakachofuata.” Yeye anajua kilichofuata kwa sababu yeye mwenyewe ndiye kilichofuata.

Wanasaikolojia wamelipima jambo hili. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff alichapisha utafiti ambamo watu walisoma maelezo ya vita vya karne ya 19 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepali. Wengine waliambiwa vita viliishaje, wengine hawakuambiwa. Kisha wote waliulizwa kila matokeo yaliyowezekana yalikuwa na uwezekano kiasi gani. Walioambiwa mwisho waliyaona yale matokeo waliyopewa kuwa yalikuwa dhahiri zaidi, na waliamini kwamba hata wasingeambiwa wangeyaona hivyo hivyo. Kujua mwisho kunaingia kichwani na kujifanya kwamba kulikuwepo tangu mwanzo. Mama Mdogo akikumbuka ile simu ya tarehe 14, hasikii “ana homa kidogo.” Anasikia “Baba anakufa.” Lakini maneno hayo hayakusemwa na mtu yeyote.

Aliyemsaidia kuliona hili hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa Bibi, mamake, ambaye sasa ana miaka zaidi ya themanini na bado anakuna nazi yake mwenyewe. Hii ilikuwa mwaka 2023. Mama Mdogo alikuwa ameenda Malindi, si mwezi wa Januari maana Januari haendi, na jioni moja walipokuwa wakichambua mchele, yale maneno yakamtoka. Mimi nilikuwepo, nimekaa kizingitini na simu mkononi, na nikaiweka chini.

Bibi hakumpa msemo. Alianza kumuuliza maswali, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea ndani ya nyumba.

“Siku ya kwanza nduguyo alipopiga, alikwambia nini? Nipe maneno yake, si maana yake.”

“Alisema Baba ana homa kidogo.”

“Alisema kidogo?”

“Alisema si ya kutisha.”

“Basi na mimi nilikuwa namlisha uji kwa mkono wangu, na sikujua. Ijumaa ile alitembea mwenyewe hadi msikitini, akarudi, akaomba samaki. Mimi niliyelala naye chumba kimoja sikujua. Wewe uliye Nairobi ungejulia wapi?”

Mama Mdogo hakuwa amewahi kusikia habari ya ile Ijumaa. Miaka ishirini, na hakuna aliyemwambia kwamba tarehe 17 babake alitembea msikitini na kurudi na hamu ya samaki. Hakuwahi kuuliza, kwa sababu kuuliza kungefungua mambo, na nyumbani walidhani hataki kukumbushwa. Picha aliyokuwa nayo kichwani ni ya mzee aliyelala siku tisa akiutazama mlango.

Baada ya hapo ndipo Bibi akasema, kama vile anamalizia hesabu: “Ningejua huja nyuma, mwanangu.” Ni methali ile ile ya majuto kwa nguo nyingine, lakini safari hii ilikuja baada ya ushahidi kukusanywa. Ilisema tu kile kilichokuwa kimeshaonekana. Nadhani ndiyo sababu iliingia. Ukimwambia mtu ningejua huja nyuma kabla hujamuuliza alijua nini, anasikia unampuuza. Ukiisema baada ya kutenganisha alichokijua siku ile na anachokijua leo, anasikia unamsomea matokeo.

Mwenye kutaka kuijaribu hii mwenyewe, kazi iko hapo: andika tarehe, andika maneno uliyoambiwa siku hiyo jinsi yalivyosemwa, halafu kwa kila linalokuumiza jiulize, hili nilijua lini? Utashangaa ni mangapi uliyajua baadaye. Na kama bado yuko hai mtu aliyekuwa pale, muulize yeye aliona nini. Kumbukumbu ya mwenye kujuta huwa imekatwa vipande na kushonwa upya, na kila mshono unamvuta yeye.

Lakini hadithi haiishii hapo, na kama ingeishia hapo nisingeiandika. Kuna ile simu ya pili.

Mama Mdogo alinyamaza muda, mikono yake imesimama juu ya ungo. Kisha akasema kwamba ile Jumatatu, aliposikia “Baba anauliza utakuja lini,” moyo wake ulishtuka. Babu hakuwa mtu wa kuuliza. Na siku hiyo zilikuwa zimebaki gauni 22. Fundi mwenzake kibandani, aliyesikia ile simu, alimwambia, “Nenda, mimi nitakumalizia, tugawane pesa za hizo zilizobaki.” Mama Mdogo akakataa. Kodi ilikuwa inamsubiri, ndiyo, lakini si kodi tu. Alisema ukweli wote: alikuwa ameonja pesa, na hakutaka kuzigawa.

Hapa ningejua huja nyuma haisaidii tena, kwa sababu hakuwa hajui. Si kila kitu alikijua, lakini alijua kiasi cha kumfanya aende, na nafasi ya kwenda ilikuwepo, na akachagua kubaki. Ukijaribu kufunika sehemu hii kwa methali ya kutojua, utakuwa umepaka rangi ukuta wenye unyevu. Siku mbili tatu utapendeza, halafu doa litarudi pale pale. Na nadhani ndivyo ilivyokuwa kwake miaka yote. Watu walimwambia “hukujua,” naye ndani alijua kuna simu ya pili ambayo hawaijui. Kila faraja waliyompa ilimfikia mtu mwingine, yule ambaye hakuwa na simu ya pili.

Kwa sehemu hii kuna methali tofauti, nayo Bibi aliitoa: “Muungwana akivuliwa nguo huchutama.”

Watu wengi wa rika langu wanaijua methali hii kama kichekesho. Picha yake kweli inachekesha. Mtu mwenye heshima zake amevuliwa nguo mbele za watu. Afanye nini? Asimame kifua mbele na kubishana na waliomvua? Azidi kuonekana? Anachutama. Anajistiri kwa kukubali. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwambia mtu aliyeshikwa na kosa aache ubishi. Lakini kwa mtu anayejilaumu miaka mingi ina kazi nyingine, kwa sababu naye anabishana, ila anabishana na nafsi yake. Mchana anajitetea: nilikuwa na kodi, sikuwa na nauli, nani angejua. Usiku anajishtaki: ulimuua baba yako kwa kiu ya pesa. Yote mawili yamepita kipimo. Kuchutama ni kusema kitu kimoja chenye ukubwa wake halisi, mara moja, mbele ya mtu mmoja anayehusika.

Mama Mdogo alichosema ni hiki: “Aliniita mara ya pili, nikaweza kwenda, sikwenda.” Hakuongeza kwamba alimuua. Hakumuua, homa ndiyo ilimuua. Hakuongeza kwamba yeye ni binti mbaya. Sentensi moja, vitenzi vitatu. Nimeifikiria sana ile sentensi tangu siku hiyo, kwa sababu haina kisingizio na haina kiboko.

Bibi hakusema “usijali.” Alisema, “Ndiyo. Ilimuuma.” Nilitamani kuziba masikio. Kisha akaendelea: “Na mimi iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namjibu anapouliza.”

Kwa watu wa Pwani, na nadhani kwa Wakenya wengi, kuna neno lililokuwa chini ya mazungumzo yale yote bila kutajwa, nalo ni radhi. Radhi ya mzazi si msamaha tu. Ni ridhaa yake juu ya maisha yako, na mtu akiikosa huamini kwamba kila jambo lake litakwenda upande: biashara, ndoa, hata watoto. Miaka ishirini Mama Mdogo alikuwa akitazama kila cherehani iliyoharibika na kila mteja aliyekimbia na deni, akijiuliza kama hiyo ndiyo radhi iliyokosekana. Kwa hiyo aliliuliza moja kwa moja. “Mama, alikufa akiwa radhi na mimi?”

Jibu la Bibi ndilo lililonifanya niheshimu kazi hii ya misemo, kwa sababu alijua mpaka wake. Alisema: “Radhi yake siwezi kukupa, si yangu. Hakutamka neno baya juu yako, hilo nitashuhudia. Yangu mimi nakupa.” Angeweza kudanganya. Angeweza kusema kwamba dakika ya mwisho mzee alimtaja kwa jina na kutabasamu. Kwenye sinema ndivyo ingekuwa. Lakini uongo wa aina hiyo una tabia ya kuoza, maana anayeupokea atabaki akijiuliza kama ni kweli. Alipewa kidogo, lakini kile kidogo kilikuwa kizima.

Ndipo tukafika kwenye methali ambayo sote huanza nayo, na ambayo Bibi aliiweka mwisho: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni neno la zamani la ugonjwa, na kuganga ni kutibu, ndilo linalotupa mganga. Methali inasema yaliyopita si ugonjwa, tutibu yanayokuja.

Mjombangu, yule aliyepiga zile simu mbili, ndiye aliyempa Mama Mdogo methali hii kwanza, mwaka ule ule wa 2003, na aliisema nusu: “Aa, yaliyopita si ndwele.” Nusu hiyo ikisemwa peke yake ni njia ya heshima ya kumwambia mtu anyamaze. Na mjombangu alikuwa na sababu za kutaka kunyamaza. Yeye ndiye aliyepiga simu, yeye ndiye aliyehangaikia sanda na jeneza, yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea babake, na alikuwa na hasira na dadake ambayo hakutaka kuitaja.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakwambia kwamba katika insha ya methali lazima ushughulikie pande zote mbili. Ukiandika kisa kinachoonyesha upande mmoja, unapoteza alama. Basi upande wa pili wa methali hii ni kazi. Tugange. Na tena ni wingi: tugange, si niganga peke yangu. Yajayo yapi? Kwa Mama Mdogo yalikuwa matatu, na Bibi aliyataja kwa vidole. Nduguye, ambaye hajawahi kuombwa radhi kwa kuachiwa mazishi peke yake. Yeye Bibi mwenyewe, ambaye bado yuko hai na hatembelewi Januari. Na marehemu, ambaye kwa imani yao bado anafikiwa na dua na sadaka.

Ona kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalomrudisha kibandani Jumatatu ya tarehe 20. Maji yakimwagika hayazoleki, na anayejaribu kuyazoa anaokota matope. Lakini mtungi ukiwa mzima, kisima bado kipo. Mambo yale matatu yote yaliweza kufanyika mwaka 2023, na yalihusu watu wale wale waliokuwa ndani ya kosa. Nadhani hicho ndicho kipimo cha fidia ya kweli. Kukimbilia kila mwenye homa katika ukoo hakukuwa fidia, ingawa kulimgharimu nauli nyingi, kwa sababu hao hakuwa amewakosea chochote.

Kumwomba mjomba radhi hakukuwa rahisi. Alipopigiwa alisema tena nusu yake, “Si yameshapita hayo,” na Mama Mdogo akamwambia, “Yamepita kwako, kwangu bado. Nisikilize tu dakika moja.” Akaisema ile sentensi yake yenye vitenzi vitatu, akaongeza, “Na nilikuachia kaburi peke yako.” Mjomba alikaa kimya. Kisha akasema kwamba mwaka ule aliapa hatampigia simu tena, na kwamba aliivunja yamini hiyo alipopata mtoto wa kwanza. Sikusikia zaidi, maana Mama Mdogo alitoka nje na simu. Wanaongea sasa. Si kama marafiki, lakini wanaongea, na mara nyingine yeye ndiye anayepiga.

Kuna jinsi ya kujua kama msemo umefanya kazi au umefunika tu. Ukifunika, unahitaji kuurudia kila siku, kama panadol kwa jino bovu. Na stori yako itakuwa na tundu, sehemu unayoiruka kila unapoisimulia. Kwa miaka ishirini Mama Mdogo alisimulia simu moja. Sasa husimulia mbili, na sauti yake haibadiliki sana anapofika ya pili. Huzuni haijaondoka. Walimu wa madrasa hufundisha kwamba kujuta ni sehemu ya toba yenyewe, pamoja na kuacha kosa na kuazimia kutolirudia, na kurudisha haki kama ni ya mtu. Kwa hesabu hiyo majuto si adhabu ya kudumu. Ni hatua, na hatua hupitwa.

Na kuna mahali ambapo misemo yote hii inafika mwisho wake. Kama majuto yamekunyima usingizi miezi mfululizo, au unaona heri usingekuwepo, basi hayo yamekuwa ndwele kwa maana yake halisi, na ndwele hutafutiwa daktari au mshauri. Methali inasema yaliyopita si ugonjwa. Haikusema hayawezi kukuugua.

Januari 2024 Mama Mdogo alichukua oda ya sare, gauni 30, si 70. Tarehe 20 alifunga kibanda saa sita mchana, akampa fundi jirani zilizobaki amalizie, akapanda basi la Mombasa. Babake hakuwepo kumpokea na hakuna aliyekuwa mgonjwa. Bibi alimkaribisha kwa chai na mahamri, kisha akalalamika kwamba wali wa jana umebaki na hakuna wa kuumaliza.